Bibi anataka kumwombea mwanangu kwa jina la Tabu, mume wangu hataki

*Mshauri, shikamoo.*

*Nimejifungua mtoto wa kike, wa kwanza, leo ana siku 19 na hajapata jina. Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa "Mtoto wa" halafu jina langu. Tunaishi Mikindani. Mume wangu kwao ni Kilwa Kivinje na baba yake ni mwalimu wa madrasa. Siku ya saba ilipita bila akika kwa sababu hela ya mbuzi haikuwepo, wazee wakasema tufanye kwenye arobaini.*

*Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama huko Newala. Atashuka na basi kwa ajili ya arobaini hiyo. Anataka amwombee mtoto jina kama anavyowaombea wajukuu wote: alfajiri anakaa mlangoni kwenye mkeka, mtoto mapajani, pembeni kata ya maji yenye chembe za unga wa mtama. Anasema maneno yake, anamdondoshea maji kwenye paji la uso na kifuani, mwisho anamlambisha asali kidogo kwa kidole. Jina alilochagua ni Tabu, la marehemu dada yake.*

*Mume wangu ameshachagua Nasra. Anasema jina ni dua, nani anaomba tabu? Na kutaja wafu mbele ya mtoto ni ushirikina. Bibi ana miaka zaidi ya 80, macho hayaoni vizuri. Nilipomgusia kwenye simu akasema, "Nikifa sijamwombea, nitakuwa nimemwacha mlangoni." Mwaka jana alipomwombea mtoto wa dada yangu nilimrekodi. Nimekuandikia hapa chini, Kimakonde nimekigeuza Kiswahili:*

*"Nnungu, tumekuja mlangoni, ni asubuhi. Huyu ndiye mgeni uliyetuletea. Hatukumnunua, hatukumwazima. Umempa pua ya babu yake, mpe na siku zake. Ninyi mliotangulia, msishtuke mkisikia jina lenu linaitwa. Hamuitwi ninyi, anaitwa huyu. Jina analipokea, mzigo wake haupokei. Anyonye ashibe, alale aamke. Akitambaa asikutane na nyoka, akisimama asikutane na ulimi mbaya. Akienda mbali arudi. Umeitwa, mama. Itika."*

*Hapo wote tunaitika "Eee" kwa niaba ya mtoto. Mshauri, nimfiche mume wangu, au nimkatalie Bibi?*

*— Mzazi mpya, Mikindani*

Jibu

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Maneno ya Bibi nimeyasoma mara tatu. Mara ya kwanza niliyasoma kama mshauri. Mara ya pili na ya tatu niliyasoma kama mjukuu, maana marehemu bibi yangu, Mmwera wa huko ndani ya Lindi, naye alikuwa na yake, na hapakuwa na simu ya kumrekodi. Nimebaki na vipande viwili tu, na kimoja sina hakika kama ni dua au ni wimbo wa kutwanga.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu nahisi mume wako anabishana na dua ambayo hajaisikia. Amesimuliwa habari za mkeka, kata, unga na wafu, na mambo hayo manne ukiyataja harakaharaka kwa kijana aliyelelewa nyumba ya mwalimu wa madrasa, picha anayoipata si nzuri. Lakini chukua rekodi yako uisikilize kitendo kwa kitendo, uone nani anaombwa nini. "Mpe na siku zake" anaambiwa Mungu. Anyonye, alale, aamke, asikutane na nyoka, arudi: yote hayo yanafuata pale pale na anayeombwa ni yule yule. Waliotangulia wanatajwa mara moja, na hawaombwi chochote. Wanapewa taarifa, tena ukisikiliza vizuri wanazuiwa: "Hamuitwi ninyi, anaitwa huyu."

Hilo si jambo dogo. Baba mkwe wako, akiwa mwalimu, atakuambia kwamba kosa kubwa linaloogopwa ni kumwomba aliyekufa akupe kile ambacho ni cha Mungu kutoa, au kumpelekea sadaka ili atoe. Kumtaja aliyekufa hakujafika huko. Kila anayesoma hitima anataja majina ya marehemu. Kwa hiyo swali la kumpelekea mume wako si "kwa nini unamdharau bibi yangu." Ni hili: katika maneno haya, ni neno gani hasa linalokukera? Inawezekana likawepo. Lakini mtakuwa mnazungumzia neno, na neno likiwa na kasoro Bibi anaweza kulibadilisha kwa kinywa chake.

Unga ndio unaohitaji kuulizwa, na hapa sitamtetea Bibi kabla hajajieleza. Kusini kwetu unga wa mtama una kazi yake ya zamani. Wazee wa Kimakonde, Kiyao, Kimakua na Kimwera walikuwa wakiuweka chini ya mti wanapotambika, na ule ulikuwa wa wahenga kweli, hakuna kuficha. Chembe zilizoko kwenye kata ya Bibi zinaweza kuwa zimetoka huko. Zinaweza pia kuwa zimebaki kama dalili ya chakula tu, kwa maana ya "mtoto huyu asilale njaa," na Bibi mwenyewe hakumbuki zaidi ya kwamba mama yake alifanya hivyo. Muulize kwa upole, peke yenu: "Bibi, unga ni wa nini?" Akisema ni wa wale wa chini, basi wasiwasi wa mume wako una mguu wa kusimamia, na utalazimika kumwambia Bibi hivyo. Akisema ni chakula cha mtoto, muulize kama dua inaharibika ukiachwa. Nimewahi kuona bibi mmoja, siku alipokosa unga, akafanya kwa maji matupu na wala hakushtuka. Siwezi kukuahidi kwamba wako atakuwa kama huyo.

Maji nayo, nikuambie kitu ambacho pengine mume wako wa pwani hakijui. Newala iko juu ya uwanda, na uwanda ule haukuwa na visima vya kuchota. Wakati Bibi ni msichana, wanawake walishuka mteremko hadi mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Mtu aliyekulia hivyo akimdondoshea mtoto matone matatu, anampa kitu kilichomgharimu. Ukimweleza mume wako kata kwa namna hiyo, inaacha kuwa chombo cha mganga.

Sasa hilo jina.

Mume wako anasema jina ni dua, na ana hoja. Imepokewa kwamba Mtume alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. Kwa hiyo asionekane mkorofi anapouliza nani anaomba tabu. Ila Bibi naye hajakosa pa kusimama. Alipozaliwa mtoto wa Mtume, alisema amempa jina la baba yake Ibrahimu, na Ibrahimu alikuwa ametangulia zamani sana. Jina la mzee aliyekufa kupewa mtoto mchanga halikuanzia Newala.

Tunachobishania basi ni maana ya neno Tabu, na hapo mimi ningeuliza: yule dada aliitwaje Tabu? Kwetu majina ya namna hii, Tabu, Shida, Mashaka, Sijaona, mara nyingi hayakuwa maombi. Yalikuwa kumbukumbu. Mama alipata uchungu siku mbili, au alikuwa ametoka kuzika, au mwaka huo mihogo ilikauka, na mtoto akabaki kuwa daftari ambalo tukio limeandikwa. Kuna na sababu ya pili. Nyumbani kwetu alizaliwa mvulana baada ya wawili waliomtangulia kufa wakiwa wachanga, akaitwa Mashaka. Watu wazima walinong'ona kwamba kifo hakitamani kitu chenye jina baya. Mashaka sasa ni mzee mwenye wajukuu na anapenda utani, na ukimuuliza jina lake atakuambia lilimfaa mama yake, si yeye.

Rudi kwenye rekodi yako. "Jina analipokea, mzigo wake haupokei." Mwanangu, umeandika mstari huo kwa mkono wako na ukaupita. Bibi analijua swali la mume wako kuliko mume wako mwenyewe. Amekuwa akilijibu kwa kila mjukuu aliyepata jina la mtu aliyeteseka: anachukua jina, anaacha kilichomo. Sijui kama hilo litamtosha baba wa mtoto. Lakini naona haki aisikie sauti ya Bibi ikisema hivyo, kwa Kimakonde chake, wewe ukimtafsiria pembeni, kabla hajasema hapana kwa mara ya pili.

Umenipa njia mbili, kumficha mume au kumkatalia Bibi. Naziogopa zote mbili, na ya kwanza zaidi. Mikindani si kubwa. Mlango wazi alfajiri, watu wanaitika "Eee," jirani anaenda kisimani. Kabla ya adhuhuri mume wako atakuwa amejua, na jambo ambalo lingekuwa dua la mwanamke mzee litakuwa limegeuka kuwa siri ya mke. Tena kwa mtu ambaye tayari ana hofu ya ushirikina, kufichwa ndiko kutamthibitishia. Ya pili nayo, kumkatalia Bibi moja kwa moja, ina gharama unayoijua kuliko mimi. Ndiye aliyekulea.

Kati ya hizo mbili kuna nafasi, na inaanzia kwenye jambo moja ambalo huenda umelidhania bila kuuliza. Je, Bibi alikuambia Tabu liandikwe kwenye cheti? Barua yako haisemi hivyo. Mama wa miaka zaidi ya 80 asiyeona vizuri pengine hawazi kabisa kuhusu cheti. Anataka jina la kumwitia. Watoto wengi wa huku wana jina la karatasi na jina la nyumbani, na mtoto aliyepewa jina la dada wa bibi huwa somo wa marehemu. Bibi mwenyewe atamwita "dada," atamtania kama dada, na hatathubutu kumchapa, maana nani anampiga dada yake mkubwa? Nasra kwenye karatasi na Tabu kwenye mkeka ni jambo linalowezekana. Hatari yake ni kwamba mume anaweza kuona ameshinda karatasi na ameshindwa nyumba, kwa sababu jina linaloitwa ndilo linaloishi. Na Bibi anaweza kuona Tabu limewekwa jikoni kama mgeni asiyetakiwa sebuleni. Wengine huweka yote mawili kwenye cheti. Mtoto huyo atajaza fomu ndefu maisha yake yote, lakini hilo ni shauri la baadaye.

Kwa upande wa cheti, mtoto wa chini ya miaka 5 anasajiliwa bure kituo cha afya au ofisi ya kata, na atakachokiandika msajili siku hiyo ndicho kitakachomfuata shuleni. Kurekebisha baadaye kuna fomu na safari. Kwa hiyo usiende kusajili kwa hasira ili kumaliza ubishi. Kadi ikiendelea kusoma "Mtoto wa" kwa wiki tatu nyingine, chanjo hazizuiliki.

Niruhusu nimseme kidogo mume wako, bila kumsema vibaya. Huku kusini mtoto ni wa kukeni. Yeye ametoka kwao, amekuta mkeka wa ukoo wako, mlango wa ukoo wako na orodha ya marehemu wako. Dua nzima hiyo, je, kuna mtu wa kuumeni aliyetajwa? Inawezekana anasema "ushirikina" kwa sababu hajui namna ya kusema "mimi niko wapi hapo?" Sina uhakika. Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja, na utajua ukimuuliza kama angependa Bibi amtaje mama yake au nyanya yake wa Kivinje. Bibi wa Newala hawezi kushindwa kuongeza mstari mmoja. Dua hizi hazikuandikwa popote, zinapanuka kulingana na waliokaa mkekani.

Na baba mkwe usimfanye hakimu wa mwisho wala adui. Mzee huyo anajua Sura ya Aal Imran, ambamo mke wa Imrani anajifungua mtoto wa kike na kusema kwamba amemwita Maryamu, kisha anamwombea yeye na kizazi chake walindwe na shetani. Ni mwanamke, ana mtoto mchanga, anatamka jina na dua hapo hapo. Ukimwomba mzee asome aya hiyo na dua yake siku ya arobaini, kisha baada ya amina yake Bibi aseme ya kwake kwa sauti mbele ya watu wote, kila mmoja atasikia anachosema mwenzake. Hatari ipo: mzee anaweza kusikia neno moja akasimama. Ndiyo maana ni afadhali asikilize rekodi mapema, akiwa kwake na kahawa yake, kuliko kushtukizwa mlangoni.

Bado asali. Hapa sina ulaini, hili ni la afya na si la mila. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja halambishwi asali hata kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu, lakini kwenye utumbo wa mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Huanza kwa choo kufunga, kisha kunyonya kwa udhaifu, kilio kinakuwa chembamba, shingo inalegea. Ukiona hayo ni hospitali mara moja. Maji nayo yasiingie mdomoni, maana miezi 6 ya kwanza ni maziwa yako peke yake. Yaishie kwenye paji la uso na kifuani kama Bibi anavyofanya, na yawe ya uvuguvugu. Umfunue mtoto kidogo tu, alfajiri ya bahari ina ubaridi. Mahali pa asali, Bibi anaweza kumkabidhi mtoto kwako umnyonyeshe hapo hapo mkekani. "Anyonye ashibe" imo ndani ya dua tayari, itakuwa imejibiwa mbele ya macho yake. Na sheria hiyo imhusu baba mkwe pia, kama ana mpango wa kumpaka mtoto tende kwenye kaakaa. Ukimwambia Bibi peke yake ataona umemchagua yeye wa kukataliwa. Waambie wote wawili kwa pumzi moja kwamba nesi amesema.

Ningekuwa jirani yako, ningekuja usiku mmoja nikae na mtoto ili wewe na mume wako mwende barazani na hiyo simu. Usimpe hoja zangu. Mwekee tu sauti, umtafsirie, kisha unyamaze kidogo. Na kabla ya usiku huo mpigie Bibi umuulize mambo matatu: unga ni wa nini, dada yake aliitwaje Tabu, na hii pua. Anaposema "umempa pua ya babu yake," anamaanisha babu yupi? Maana kama mtoto huyu amechukua pua ya Kivinje, Bibi atahitaji kuambiwa, macho yake hayaoni vizuri.